Unajua «nyoko»? Basi usiseme, lakini uijue

Wenzangu, wengi kati yetu tunajifunza lugha juu ya kazi. Mwenye kutoka Bujumbura anajifunza Kiswahili cha Uvira, mwenye kutoka Bukavu anajifunza Lingala. Na karibu wote tunasema: «Matusi mimi sitaki kuyajua, sitayatumia.» Kutoyatumia ni vizuri. Kutoyajua ndiyo shida, na nitaonyesha kwa neno moja tu.

Neno lenyewe ni «nyoko». Katika Kirundi na Kinyarwanda ni sarufi ya kawaida: mama ni wangu, nyoko ni wako, nyina ni wake. Mtoto analikuta katika familia mbele hata ya kwenda shuleni. (Hata kule, ukilisema kwa ukali, watu watakuangalia vibaya.) Katika Kiswahili maana ileile ya «mama yako» imebaki, lakini kazi ya kutaja mzazi imeisha. Limebaki tusi tu, na tena moja ya yale mazito.

Sasa chukua mkutano wa wakulima wa mpunga katika bonde la Ruzizi. Wale wa juu ya mfereji na wale wa chini wanagombania zamu ya maji. Mwenye kuandika rapoti ni agronome kijana, Mrundi, Kiswahili chake ni kizuri kabisa cha vitabu. Kijana mmoja wa juu anamwambia mzee wa chini: «Weye, nyoko!» Mzee anasimama, anachukua kofia yake, anaenda. Wenzake wanne wanamfuata. Katika kaye, mwandishi anaandika: «Alitaja mama wa mzee. Kisha wale wa chini waliondoka bila kukubali saa za zamu.»

Kila neno pale ni kweli, na rapoti nzima ni ya uongo. Mwenye kuisoma ofisini ataelewa kwamba wa chini hawakuridhika na saa. Ataongeza saa mbili za maji, ataita mkutano mwingine, na mzee hatakuja. Kwa sababu mzee hakukataa saa. Alitukaniwa mama mbele ya watu na kijana mwenye umri wa mtoto wake. Kinachotakiwa pale ni kijana aje na wazazi wake kuomba msamaha, pengine na kreti ya bia au mbuzi kufuatana na desturi ya mahali. Kisha ndiyo mtazungumza maji. Mwandishi hakuhitaji kutukana mtu ili aelewe hayo. Alihitaji kusikia uzito.

Uzito unasikika namna gani? Angalia kwanza kama sentensi imeisha. «Mama yako iko wapi?» ni swali. «Mama yako!» peke yake, bila kitu nyuma, tayari ni tusi, hata kama maneno yote mawili ni safi. Kwa Lingala ni vilevile na «mama na yo». Kisha angalia wale wasiosemeshwa. Wakicheka, na wasemaji ni wa umri mmoja, pengine ni mchezo wa marafiki. Wakinyamaza ghafla, ao mama mmoja akisema «Weee! Unatukana muzee?», ujue kitu kimevunjika. Maana inapatikana katika kamusi, lakini kipimo hiki mara nyingi hakimo.

Kuna pia kosa la upande mwingine. Mgeni aliyefundishwa kwamba «mavi» ni neno chafu anashtuka mkulima akimwambia «weka mavi ya ngombe hapa, mavi ya kuku inaunguza miche.» Hakuna tusi pale. Ni mashauri mazuri: samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza kweli. Neno lilelile ukilipeleka kwa mtu linageuka. Kwa hiyo kujifunza liste ya maneno mabaya haitoshi. Ujue neno linachafuka likisemwa kwa nani.

Na kwa nini basi tusiyatumie, kama tunayaelewa? Kwa sababu kipimo cha kusema kinachelewa sana kuliko kipimo cha kusikia. Wenyeji wanajua nani anaweza kumtania nani, na wewe mgeni hauna ile ruhusa hata kama sauti yako ni sawasawa na yao.

Kwa kuuliza, usiulize mbele ya mkutano, na usiulize watoto. Tafuta mtu wa umri wako, mwanaume kwa mwanaume, mwanamke kwa mwanamke, baada ya kazi. Usimuulize «maana yake nini?» peke yake. Muulize: «Unaweza kusema hii mbele ya bibi yako? Mtu akiambiwa hivi, atafanya nini?» Jibu la pili ndilo linaingia katika rapoti: «Kijana alimtukania mzee mama, kikundi cha chini kiliondoka juu ya tusi, saa za zamu hazijajadiliwa.»