Hereni za Mhudumu

Mhudumu wa mgahawa mmoja wa kifahari nchini Ufaransa alivaa hereni kazini. Mwajiri akamtaka azivue wakati wa kuhudumia wateja, alipokataa, akafukuzwa. Kosa la mwajiri lilikuwa barua yake mwenyewe: aliandika kwamba hawezi kuvumilia hereni kwa mwanamume anayehudumia wateja. Mwaka 2012 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilisema huo ni ubaguzi wa mwonekano uliofungamana na jinsia, kwani mwajiri hakutoa sababu ya msingi.

Mhudumu alikuwa na sheria ya kushika. Tangu 2001, mwonekano umetajwa waziwazi katika sheria za Ufaransa. Kwetu Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inataja rangi, kabila, jinsia, ulemavu, umri na mengineyo. Sura na umbo havimo.

Kwa nini vinaachwa? Kabila au ujauzito unaweza kuuthibitisha, lakini uzuri hauna kipimo. Tena anayenyimwa kazi kwa sababu ya sura haambiwi. Anaambiwa nafasi imejaa. Jimbo la Michigan, Marekani, kwa sheria yake ya 1976, limechagua vitu vinavyopimika: urefu na uzito.

Mimi naona njia hiyo inatufaa. Tuanze na urefu, uzito na makovu, kisha mfanyakazi akionyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye aeleze kazi ile inahitaji nini hasa.