Nyumba Bamburi, Mwenyewe Maskati

"Kusanya kodi, toa yako, nitumie inayobaki." Hivyo ndivyo makubaliano mengi ya kusimamia nyumba yanavyofungwa, tena kwa simu, hasa msimamizi akiwa ndugu. Kila upande unaamini umeelewa. Ugomvi huzuka baadaye, kwa sababu hakuna aliyesema "yako" ni kiasi gani na inatolewa kwenye nini.

Tuseme mtu anafanya kazi Maskati na ana ploti Bamburi, Mombasa, yenye nyumba nane za chumba na sebule, kila moja shilingi 12,000 kwa mwezi. Zikijaa, ni shilingi 96,000. Mpwa wake ndiye msimamizi, kwa asilimia 8. Mwezi huu nyumba mbili hazina watu, zimeingia shilingi 72,000. Mkataba ukisema asilimia 8 ya kodi iliyokusanywa, mpwa anapata 5,760. Ukisema tu "asilimia 8 ya kodi", anaweza kudai 7,680, na hapo hana haraka ya kutafuta wapangaji. Wala si busara kumwambia afanye bure kwa kuwa ni damu moja. Asiyepangiwa malipo hujipangia mwenyewe. Kama badala ya mpwa ni ajenti, sheria ya Kenya inamtaka awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba. Mwambie akuonyeshe cheti kabla ya kutia sahihi.

Kipengele kinachosahauliwa zaidi ni dipoziti. Nyumba nane zikilipa dipoziti ya mwezi mmoja mmoja, kuna shilingi 96,000 ambazo si za mwenye nyumba wala za msimamizi. Zikichanganywa na kodi, huliwa polepole bila mtu kukusudia wizi. Utalijua hilo mpangaji anapohama: anaambiwa asubiri "mpaka apatikane mtu", yaani dipoziti ya anayeingia ndiyo itakayomlipa anayetoka. Mkataba uzitengee akaunti yake, na useme kwamba mpangaji hakatwi kitu kwa uharibifu bila picha za siku aliyoingia na siku aliyotoka.

Kwa matengenezo, weka kikomo. Mpwa anaweza kuruhusiwa kutumia hadi shilingi 5,000 kwa tatizo moja bila kuuliza: koki inayovuja, kitasa kilichovunjika. Zaidi ya hapo apige simu kwanza na atume bei za mafundi wawili. Dharura kama bomba lililopasuka itajwe peke yake, maana maji hayasubiri mtu wa Maskati aamke. Risiti zije pamoja na taarifa ya mwezi, ambayo iorodheshe kila nyumba kwa namba: nani yumo, amelipa lini, anadaiwa nini. Mita za tokeni zibaki kwa jina la mwenyewe. Nyumba iliyoandikwa "tupu" miezi mitatu huku mita yake ikinunuliwa tokeni kila wiki ina mtu ndani.

Halafu kuna ushuru, na hapa wengi hukosea hesabu. Mkazi wa Kenya anayepata kodi ya makazi ya zaidi ya shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, bila kutoa matengenezo wala malipo ya msimamizi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwenye 72,000 hiyo ni 5,400. Lakini asiye mkazi kisheria hukatwa asilimia 30, yaani 21,600. Kukaa Omani peke yake hakukufanyi asiye mkazi: mwenye makao yake ya kudumu Kenya aliyefika huko hata kwa likizo fupi katika mwaka huo huhesabiwa mkazi. Mwulize mhasibu uko upande gani, kisha mkataba utaje nani anawasilisha ushuru na nani anabeba faini akichelewa.

Msimamizi atahitaji pia hati ya uwakilishi, iliyotiwa sahihi mbele ya ofisa wa ubalozi au mthibitishaji wa hati, na kusajiliwa ofisi ya ardhi. Iandike kazi zake moja moja: kupangisha, kupokea kodi, kutoa notisi, kwenda mahakamani kuhusu wapangaji. Kisha iseme waziwazi kwamba hawezi kuuza wala kuweka rehani. Usikubali fomu ya jumla inayompa "mamlaka yote".

Mwisho, andikeni jinsi ya kuachana: notisi ya siku 30, kisha makabidhiano ya funguo, mikataba ya wapangaji, orodha ya madeni na salio la dipoziti. Kazi hii huwa nyepesi sana kama tangu mwanzo wapangaji wanalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye nyumba, na mpwa analipwa kutoka hapo. Siku akiondoka, hakuna mpangaji anayelazimika kubadilisha namba ya kulipia.