Jaketi la Mvua Huvuja Palipopita Sindano

Siku ya kwanza ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame ni safari ya msituni. Lango liko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kambi ya kwanza iko karibu mita 3,000, na mvua ya huko haingoji masika. Mara ya kwanza nilipopita njia hiyo nilivaa jaketi jipya nililoambiwa halipitishi maji. Tulipofika kambini, kitambaa chake kilikuwa bado kinamwaga matone kama jani la gimbi. Mimi nilikuwa nimelowa. Mabega yalikuwa maji matupu, kifuani palikuwa na mstari wa maji kutoka kidevuni hadi tumboni, na nyuma ya shingo fulana ilikuwa ya kukamua.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwili wangu ulikuwa umenichorea ramani. Kitambaa hakikuwa na kosa. Maji yalipita kwenye mishono ya mabega, kwenye zipu, na pale kofia iliposhikana na shingo. Vitambaa vya kuzuia mvua siku hizi vinatengenezwa na wengi, na hata cha bei ya chini kinaweza kuvumilia saa kadhaa. Pesa za jaketi zuri zimeenda mahali pengine: mahali ambapo fundi alilazimika kukitoboa kitambaa hicho.

Nilipima lile jaketi langu kwa futi ya cherehani. Mishono yake yote ilikaribia mita 9. Sindano ilikuwa imepiga takriban mara nne kwa kila sentimita, kwa hiyo nilikuwa nimevaa matundu kama 3,600. Kila tundu lina uzi ndani yake, na uzi hunyonya maji kama utambi wa taa. Mvua ikidondoka tu juu ya mshono, maji mengi yataserereka. Ila ukivaa begi, kanda zake zinagandamiza mabega na kuyasukuma maji ndani ya matundu. Ndiyo maana mabega hulowa kwanza.

Dawa yake ni utepe wa plastiki wenye gundi, unaobandikwa upande wa ndani juu ya mshono. Mashine hupuliza hewa ya moto sana kwenye gundi, kisha magurudumu mawili hubana utepe na kitambaa pamoja. Kampuni ya Gore, inayotengeneza Gore-Tex, ilianza kuuza jaketi za kitambaa hicho katika miaka ya 1970, na ilijifunza mapema kwamba kitambaa bora hakisaidii kitu kama mishono iko wazi. Kazi ya utepe ni ya polepole. Mwendeshaji akikimbiza mashine, gundi haishiki. Akizidisha moto, anaunguza kitambaa. Kiwanda kinachotaka kupunguza gharama huziba mabega na kofia tu, kisha huandika kwenye lebo kwamba mishono muhimu imezibwa. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yana maana kwamba ubavuni, kwapani na mfukoni umeachwa wazi.

Kwa hiyo pale Soko la Memorial, Moshi, ambako jaketi za mitumba za wapanda mlima hupangwa kwa malundo, mimi huligeuza jaketi nje ndani kabla sijalijaribu. Natazama kwanza kwapani, maana hapo hukutana mishono minne, na utepe lazima upande juu ya utepe mwingine. Fundi mvivu hujulikana hapo: utaona kikunjo, au kiputo cha hewa. Kisha natazama kama mshono unapita katikati ya utepe. Ukiwa umeegemea ukingoni, milimita mbili tu za gundi ndizo zinazokutenga na mvua. Jaketi ghali mara nyingi huwa na utepe mwembamba, wa milimita 13 hivi au chini ya hapo, kwa sababu mshono wenyewe umekatwa karibu. La bei rahisi huwa na utepe mpana wa milimita 20 au zaidi, mgumu kama karatasi. Mwisho naingiza ukucha chini ya ncha ya utepe. Ukiinuka kwa urahisi, gundi imekufa. Na kama upande wa ndani unanata na unabanduka vigamba, narudisha jaketi lundoni, maana hilo halitengenezeki.

Zipu ina shida tofauti, kwa kuwa yenyewe ni tundu refu lenye meno. Kuna njia mbili za kuilinda. Ya zamani ni kuifunika kwa kipande cha kitambaa, na hicho kikiwa kimoja chembamba, upepo hukiinua na mvua hupita. Njia mpya ni zipu iliyogeuzwa, meno yakae ndani, na mgongo wake ulio nje upakwe plastiki ambayo kingo zake mbili hukutana zipu inapofungwa. Wengi huiona hiyo na kudhani wamemaliza. Zipu ya namna hiyo hupunguza maji, haiyazuii kabisa. Watengenezaji wenyewe hawaahidi zaidi ya hapo. Plastiki yake hupasuka pale jaketi linapokunjwa kila siku. Kinachotofautisha jaketi zuri kiko nyuma ya zipu: kitambaa kirefu ambacho ukingo wake umekunjwa ukawa mfereji mdogo, ili tone lililopenya lishuke hadi chini na kutoka nje. Pitisha kidole nyuma ya zipu uutafute. Mimi ningechagua zipu ya kawaida yenye vifuniko viwili na mfereji kuliko zipu ya plastiki isiyo na kitu nyuma yake.

Kwenye kofia ndiko nilikojifunza zaidi kwa wapagazi. Wao hubeba mzigo unaoruhusiwa kufika kilo 20, na wengi huuweka kichwani juu ya kata. Kofia ya bei rahisi hukatwa vipande viwili, kwa hiyo mshono wake unapita katikati ya utosi, palepale mzigo unapokandamiza. Kofia nzuri ina vipande vitatu. Mishono yake miwili hupita pembeni na utosi unabaki kitambaa kitupu. Mpagazi mmoja alinionyesha ya kwake iliyopauka kabisa, akaniambia, "Kaka, hii mvua inajua inapita wapi, haiji kwangu."

Jaribio lake ni jepesi. Vaa kofia, kaza kamba, geuza kichwa kushoto. Kofia ikigeuka nawe, ni nzuri. Ukijikuta unatazama kitambaa, basi haina kamba ya tatu kisogoni, ile inayopunguza ujazo wake, na njiani utaivua ili uone unapokanyaga. Bana pia ukingo wa mbele: uwe mgumu kiasi cha kurudi ukiukunja, maana ukilegea hukuelekezea maji machoni. Na kofia ya kuvuliwa kwa vifungo huacha nafasi wazi nyuma ya shingo kati ya kifungo na kifungo. Hapo ndipo fulana yangu ilipolowea.

Lile jaketi bado ninalo. Utepe wa bega la kushoto ulipoanza kuinuka, nilipangusa gundi ya zamani kwa spiriti, nikakata sentimita 40 za utepe mpya, nikafunika kwa kitambaa cha pamba na kupiga pasi ya moto mdogo, sekunde chache kila mahali, nikikandamiza bila kuiburuza. Fundi cherehani aliwahi kutaka kuniwekea kiraka hapo, nikamkataza, kwa sababu angeongeza matundu. Siku ya pili nililaza bega juu ya beseni likawa kama bakuli, nikalijaza maji, na chini yake nikatandika gazeti. Kwa saa nzima, gazeti lilibaki kavu.