Paundi 50 Zilizoua Mkataba

Mwaka 1840, nchini Uingereza, Bwana Wrench alikuwa anauza shamba. Tarehe 6 Juni alimwandikia Bwana Hyde kwamba yuko tayari kumwuzia kwa paundi 1,000. Tarehe 8 Juni Hyde akajibu kwamba atatoa 950. Wrench akalifikiria suala hilo hadi tarehe 27, kisha akakataa. Siku mbili baadaye Hyde akaandika tena: sawa, nalichukua kwa 1,000. Wrench akagoma kuuza, na Hyde akaenda mahakamani kutaka alazimishwe.

Je, kulikuwa na mkataba? Tuzifuate barua moja baada ya nyingine.

Barua ya kwanza ilikuwa ofa kamili. Shamba linajulikana, bei imetajwa, anayeuziwa ametajwa. Kama Hyde angejibu "nimekubali" tu, hapo hapo wangefungwa na mkataba.

Barua ya pili haikuwa ukubali, maana ukubali lazima uipokee ofa kama ilivyo. Kwa kutaja bei nyingine, Hyde alifanya mambo mawili kwa pamoja: aliikataa ofa ya Wrench na akatoa ofa yake mwenyewe. Ofa iliyokataliwa imekufa.

Barua ya tatu, ya Wrench, iliikataa ofa hiyo ya Hyde. Haikuifufua ile ya 1,000. Kwa hiyo barua ya nne haikuwa na kitu cha kukubali. Ilikuwa ofa mpya tu kutoka kwa Hyde, na Wrench alikuwa huru kuipokea au kuiacha.

Wengi hujiuliza: mbona Wrench hakuwahi kuifuta ofa yake? Hakuhitaji kuifuta, Hyde mwenyewe alishaiua. Jaji, Lodi Langdale, aliamua kwamba hapakuwa na mkataba.

Lakini si kila neno la mnunuzi linaua ofa. Katika kesi ya Stevenson dhidi ya McLean ya mwaka 1880, muuzaji alitaka shilingi 40 taslimu kwa kila tani ya chuma. Wanunuzi wakauliza kama angekubali kuwapelekea mzigo kwa muda wa miezi miwili. Mahakama iliona kwamba hilo lilikuwa swali tu, si kukataa. Ofa ikabaki hai, na walipoikubali kabla taarifa ya kufutwa haijawafikia, wakashinda.

Tanzania nayo ina kanuni hii: kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka ukubali usio na masharti.

Basi ukipewa bei unayoweza kuilipa lakini unatamani nafuu, uliza: "Kuna uwezekano wa kupunguza?" Usiandike: "Natoa 950." Ukishaandika hivyo, muuzaji halazimiki tena kukuuzia kwa bei ya kwanza.