Mfuko wa Mbolea Upigwe Picha Mdomoni

Mkulima akitilia shaka mfuko wa urea, mara nyingi hupiga picha nembo ya kampuni. Nembo haimsaidii sana, kwa sababu mfuko wenyewe huenda ni halali kabisa: mchakachuaji kaununua mtupu, kaujaza anachokijua yeye. Kamera ielekezwe mdomoni.

Kiwandani mdomo hushonwa kwa mashine, mshono wa mnyororo, kila kitanzi kikishikwa na kinachofuata. Mstari hunyooka toka ukingo hadi ukingo, na pembeni hubaki mkia mfupi wa uzi. Ukianzia upande unaofaa na kuvuta, mshono wote hufumuka bila mfuko kuchanika. Urahisi huo uliwekwa kwa ajili ya mkulima, ila hata mwizi anaufaidi. Kinachomsaliti ni matundu ya sindano. Akishona upya, ni vigumu sana sindano kupita palepale.

Tuseme umeletewa picha ya mfuko wa kilo 50. Uzi ni mweupe na mpya, lakini unapanda na kushuka. Chini yake kidogo kuna safu ya matundu matupu, na mawili matatu yana manyoya ya uzi wa bluu. Hapo mfuko umeshafunguliwa. Wajanja zaidi hukata mdomo wa zamani, na matundu yakaenda nao. Basi piga picha mfuko huo ukiwa kando ya mwenzake wa aina ileile. Uliokatwa ni mfupi, na maandishi yake yamesogelea mshono.

Piga mchana, mwanga ukitokea ubavuni, na uzime flashi, maana hufuta vivuli vya matundu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, la sivyo picha hubanwa na namba ndogo zikavurugika.

Namba ya bechi nayo ipigwe kwa karibu. Mara nyingi huchapwa kwa vinukta vya wino, baada ya mfuko wenyewe kuchapwa, kwa hiyo kukaa upande kidogo si kosa. Wala mifuko kumi kuwa na namba moja si kosa. Bechi moja hujaza mifuko mingi. Cha kutiliwa shaka ni tarehe iliyosuguliwa ikaandikwa juu yake, au mfuko uliochakaa wenye tarehe ya juzi. Kwenye chakula cha mifugo, taarifa hizo mara nyingi ziko kwenye lebo iliyoshonewa mdomoni: tazama kama lebo nayo ina matundu ya ziada.

Picha inaonyesha kama mfuko umefunguliwa, basi. Mwaka 2024 nchini Kenya, mbolea isiyofikia kiwango iliwafikia wakulima kupitia mpango wa ruzuku wa serikali wenyewe. Kwa udanganyifu unaoingia kabla ya mfuko kushonwa, mshono hauna la kusema. Inabidi sampuli ipelekwe maabara, pamoja na mfuko na risiti yake.