Kuahirisha, kughairi au kuvunja? Lugha ya kusogeza kikao cha mchango

Katika maelezo ya kamusi, vitenzi *ahirisha*, *ghairi*, *futa*, *sitisha* na *vunja* hukaribiana sana, hata mwanafunzi akadhani kwamba kila kimoja kinaweza kushika nafasi ya kingine. Tofauti zao hujitokeza pale ambapo kosa lina gharama. Mfano mmoja mzuri ni ujumbe wa kuwaarifu wachangiaji kwamba kikao cha mchango wa harusi, kilichotarajiwa kufanyika kesho kutwa, hakitafanyika siku hiyo. Wanaoupokea wameshatoa fedha au wameahidi kutoa, na neno moja lisilo mahali pake linaweza kuwafanya waamini kwamba harusi yenyewe haipo tena.

Tuchukulie kamati ya harusi iliyopo Manundu, mjini Korogwe. Kikao kilipangwa kufanyika Jumamosi tarehe 14 Juni 2025. Alhamisi jioni, jirani aliyejitolea ua wake kwa ajili ya kikao akafiwa na mama yake, na mazishi yakapangwa Jumamosi hiyohiyo. Hakuna mtu Manundu atakayekaa kuhesabu michango ya harusi huku mtaa uko msibani, kwa hiyo uamuzi wa kusogeza kikao haukuwa na mjadala. Katibu, kijana mwenye haraka, akaandika hivi (mfano ni wa kubuni, lakini makosa yake nimeyasoma mara nyingi katika simu yangu mwenyewe):

"Ndugu wachangiaji, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, mkutano wa mchango wa harusi uliopangwa Jumamosi imeghairiwa mpaka Jumamosi ijayo. Samahani kwa usumbufu utakaojitokeza."

Tuanze na kitenzi. *Ghairi* asili yake ni Kiarabu, na kiini cha maana yake ni kubadili, hasa kubadili nia. Mtu hughairi safari kwa kuwa ameamua kutokwenda. Ndiyo maana kitenzi hiki humtaka mtendaji mwenye nia, na kikitendwa katika kauli ya kutendwa, msomaji bado hujiuliza: ni nani aliyebadili nia? Harusi "ikighairiwa", akili ya msikilizaji huenda moja kwa moja kwa bwana au bibi harusi. Isitoshe, *kughairi mpaka* siku fulani ni maneno yasiyokaa pamoja. Aliyeghairi ameacha, hana siku anayoielekea.

*Ahirisha* ni tofauti kabisa. Nalo limetoka Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kuja nyuma au kuja baadaye, uleule uliotupa *akhera*. Tendo linaloahirishwa bado lipo. Kilichosogezwa ni wakati wake tu. Ndiyo maana Spika huahirisha shughuli za Bunge hadi kesho saa tatu asubuhi bila mtu yeyote kudhani kwamba Bunge limekwisha. Pia ndiyo maana kitenzi hiki, kikiachwa bila tarehe, huacha sentensi ikining'inia. Msomaji huuliza papo hapo: hadi lini?

Mifano miwili ya karibuni inaonyesha mpaka kati ya *ahirisha* na *futa*. Mwaka 2015 sherehe za Uhuru wa Tanzania za tarehe 9 Desemba zilifutwa, na wananchi wakatakiwa kufanya usafi. Sherehe hizo hazikuhamishiwa siku nyingine, ingawa sikukuu yenyewe ilibaki palepale. Januari 2025, zikiwa zimesalia wiki zipatazo mbili na nusu, Shirikisho la Soka Afrika liliahirisha mashindano ya CHAN yaliyokuwa yafanyike Kenya, Tanzania na Uganda, na kuyapeleka Agosti. Mashindano hayo yaliendelea kuitwa CHAN 2024 ingawa yalichezwa 2025. Kilichofutwa hupoteza nafasi yake katika kalenda, lakini kilichoahirishwa huhama na jina lake.

*Sitisha* husimamisha jambo bila kusema kama litaendelea, kama mapigano yanavyositishwa, na kwa mchangiaji hilo ni neno la wasiwasi. *Vunja* lina hatari ya aina yake. "Kikao kimevunjika" huashiria ugomvi au akidi kutotimia. Lakini katika desturi ya harusi za Tanzania, *kuvunja kamati* ni shughuli ya furaha inayofanyika baada ya harusi, wanakamati wanapokutana kula, kusoma hesabu na kuagana. Katibu akiandika kwamba kikao "kimevunjwa", wapo watakaodhani kuna ugomvi, na wengine watahisi wamepitwa na harusi.

Kosa la pili la ujumbe ule ni la upatanisho wa kisarufi, na ninaliona kubwa kuliko la kitenzi. Katibu ameandika "mkutano … imeghairiwa". Mwalimu atasahihisha kwa wino mwekundu, iwe *umeghairiwa*, na kuendelea mbele. Lakini angalia kiambishi *i-* kinapatana na nini. Ukiacha *Jumamosi*, katika sentensi ile nomino pekee inayokichukua kwa umoja ni *harusi*. Msomaji anayepitisha macho haraka, akiwa ndani ya daladala, ataisoma kama "harusi imeghairiwa", na sarufi inamruhusu. Hata *umeghairiwa* haitoshi, maana *mkutano* na *mchango* zote ziko katika ngeli moja na zote huchukua *u-*. "Mkutano wa mchango umeahirishwa" haisemi wazi kama kilichosogezwa ni watu kukutana au wajibu wa kulipa.

Dawa yake ni nyepesi. Tumia *kikao*. Kiambishi *ki-* hakipatani na harusi, mchango wala ahadi, hivyo *kimeahirishwa* haiwezi kuelekea kwingine. Hapa ngeli inafanya kazi ambayo lugha nyingine zingehitaji sentensi nzima kuifanya.

Upande wa wakati, *Jumamosi ijayo* ni tarehe kwa anayeandika tu. Ujumbe umetumwa Alhamisi tarehe 12, lakini utasambazwa kutoka simu hadi simu. Atakayeusoma Jumapili tarehe 15 anaweza kuhesabu tarehe 21 au 28, na hesabu zote mbili zina hoja. Andika siku, tarehe na saa. Kama kikao ni cha baada ya magharibi, epuka pia *usiku wa Jumamosi*. Katika hesabu ya kale ya pwani siku huanza jua linapotua, na wazee wengi, hasa Waislamu, bado wakisema *usiku wa Ijumaa* humaanisha Alhamisi baada ya magharibi. "Jumamosi tarehe 21, saa moja jioni" haimchanganyi mtu. Kwa mfasiri kuna mtego mwingine: *kusogeza mbele* kwa Kiswahili ni kupeleka tarehe ya baadaye, wala si kuiwahisha.

*Sababu zilizo nje ya uwezo wetu* ni maneno ya tangazo la umeme kukatika. Mbele ya watu walioombwa fedha yanazua maswali: je, fedha zimeliwa? Familia zimegombana? Sababu ya kweli hapa ni msiba, na msiba hauna aibu. Useme kwa umbo lake la asili, *amefiwa na mama yake*, ambapo kauli ya kutendwa humweka aliyebaki kuwa ndiye aliyepatwa. Lakini usiandike "tumeshindwa kwa sababu ya msiba", maana hapo msiba unageuzwa kuwa kikwazo na mfiwa kuwa mkosaji.

Baada ya kusahihisha yote hayo, ujumbe unaweza kusomeka hivi:

"Ndugu wachangiaji, tunawasalimu. Kikao cha kuchangia harusi ya kijana wetu, kilichopangwa Jumamosi hii tarehe 14 Juni, kimeahirishwa. Jirani yetu aliyetupa ua wake amefiwa na mama yake, na mazishi ni siku hiyohiyo. Kikao kitafanyika Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, saa nane mchana, mahali palepale. Tarehe ya harusi ni ileile. Michango mliyokwisha kuituma imepokelewa na iko kwa mweka hazina. Zilizobaki katika ahadi tutashukuru kuzipokea siku ya kikao. Mtuwie radhi kwa kuwaarifu kwa kuchelewa, hasa mliokwisha kujiandaa kwa safari. Mwenye swali ampigie katibu kwa namba iliyo kwenye kadi ya mchango."

Mambo mawili katika ujumbe huu huenda yasionekane kwa haraka. La kwanza ni *ni ileile*. Wengi wangeandika "tarehe ya harusi haijabadilika", na hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini kiambishi *-ja-* cha kukanusha hubeba dhana ya "bado". *Hajafika* ni mtu anayesubiriwa. Kwa sikio lenye wasiwasi, *haijabadilika* inaacha mlango wazi kwamba huenda ikabadilika, ilhali *ni ileile* inaufunga.

La pili ni *mtuwie radhi*. Katibu alitumia *samahani*, neno la kumgusa mtu bega kwa bahati mbaya, kisha akaongeza *usumbufu utakaojitokeza*, kana kwamba usumbufu haujatokea. Kwa mtu aliyekwisha kukata tiketi kutoka Handeni, umetokea. *Tunaomba radhi* inafaa na ni ya kiofisi. *Mtuwie radhi* ina unyenyekevu zaidi, kwa kuwa inawaomba wasomaji wawe na radhi kwetu. *Wia* ni umbo la kutendea la *wa*. (Kuna *wia* nyingine yenye maana ya kudai deni, ambayo kauli yake ya kutendwa ni *wiwa*, katika ujumbe wa michango mgongano huo unachekesha kidogo, lakini *radhi* huondoa utata.) Usiandike *poleni* ukidhani ni kuomba radhi. *Pole* humfariji aliyepatwa, haikiri kosa. Ni neno la kumwambia mfiwa.

Kwa wazee ujumbe wa maandishi hautoshi, hata ungeandikwa vizuri namna gani. Hupigiwa simu, na simu hiyo ina sarufi yake:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo mzee. Nimetumwa na kamati. Jirani yetu amefiwa, na mazishi ni Jumamosi. Kwa hiyo tumeona tukisogeze kikao hadi Jumamosi ile ya tarehe 21. Harusi iko palepale."

"Lo, poleni sana. Mmefanya vizuri. Basi na mimi Jumamosi nitakuja kuzika."

*Nimetumwa* inamwondoa kijana katika nafasi ya kumpangia mzee ratiba. *Tumeona tukisogeze*, kwa kitenzi cha pili kuwa katika dhamira tegemezi, inaleta uamuzi kama pendekezo ambalo mzee bado anaweza kulitia neno. Kijana akisema "tumekisogeza", habari ni ileile, lakini mzee atakuwa amepewa taarifa bila kuulizwa.