Kivuli Kwanza, Picha Baadaye

Madarasa mengi ya awali yana chati ya hali ya hewa ukutani: siku tano za wiki, na chini ya kila siku picha ya jua, wingu au mvua. Asubuhi mwalimu huuliza, "Leo hali ya hewa ikoje?" Watoto huitikia kwa sauti moja, "Jua!" Picha inabandikwa, somo linaendelea, na hakuna aliyetazama nje. Ukitaka kujua kama darasa lako limefika huko, pekua chati za zamani. Kama Aprili ya Dar es Salaam, masika yamepamba moto, imejaa picha za jua kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, chati hiyo imekuwa pambo.

Kwa hiyo kazi ianzie uwanjani, kila siku saa ileile. Saa tatu asubuhi panafaa. Watoto wasilikodolee macho jua, maana linaumiza. Watazame chini, watafute vivuli vyao. Kivuli kikikolea hadi vidole vinahesabika, jua limewaka. Kikififia, kuna wingu jepesi. Kisipoonekana kabisa, mawingu yametanda. Mtoto wa miaka minne anaweza kulikagua hilo mwenyewe, na akabishana na mwenzake kwa kuonyesha ushahidi ardhini. Kwa mvua, wakinge viganja. Kwa upepo, mwalimu afunge kwenye tawi kipande chembamba cha kanga kuukuu: kinaning'inia tu, kinatikisika, au kinapepea?

Upepo unastahili mstari wake kwenye chati. Chati nyingi za kununua hutaka picha moja kwa siku, kwa hiyo siku yenye jua na upepo mtoto analazimika kuficha nusu ya alichokiona. Kipande cha manila kinatosha kutengeneza iliyo bora: siku tano kwa upana, mstari wa juu ukiwa wa anga na wa chini wa upepo. Kadi zishikwe kwa vibanio vya nguo, ili mtoto azitundike kwa mkono wake.

Tuseme ni Jumatatu ya Aprili. Usiku kulinyesha na uwanja una madimbwi. Watoto wanatoka na kusema, "Mvua!" Wana sababu, kwa kuwa ardhi imelowa. Mwalimu asiwakatishe kwa kuwapa jibu. Awaambie wakinge viganja, kisha aulize, "Mvua inanyesha, au ilinyesha?" Viganja ni vikavu. Vivuli havipo. Mmoja atasema, "Ilinyesha usiku. Sasa kuna mawingu." Sentensi hiyo imebeba usiku na sasa, na mtoto ameifikia kwa sababu aliihitaji. Hapo ndipo kadi ya wingu inapotundikwa.

Msamiati nao uletwe siku kitu chenyewe kipo. Manyunyu yakianza, watoto wakiyahisi usoni, mwalimu aseme, "Haya ni manyunyu." Siku ikimwagika mvua kubwa, wakiitazama barazani, wataona wenyewe kwamba hii si ile. Radi ikisikika, hakuna kutoka, wabaki ndani. Maneno mawili mapya kwa wiki ni mengi ya kutosha, mradi yarudiwe kila yanapotokea.

Saa tano na nusu, karibu na kwenda nyumbani, mvua inashuka. Mtoto anakimbilia chatini kuondoa wingu aweke mvua. Hapa mwalimu awe imara: kadi ya asubuhi haiguswi, kwa sababu asubuhi kulikuwa na mawingu kweli. Atundike mvua chini yake, pembezoni, pamoja na picha ya mkoba wa shule kuonyesha wakati wa kuondoka. Watoto wanaanza kuelewa kwamba kumbukumbu husema kilichoonekana wakati kilipoonekana. Vivyo hivyo siku ya sikukuu au siku ambayo darasa halikutoka, nafasi ibaki tupu. Kukisia ili chati ijae kunawafundisha kwamba kuandika usichokiona ni sawa.

Jukumu la kutundika lizunguke, mtoto mmoja kila siku, na wiki ikiisha kila mmoja achore siku moja kwenye karatasi yake. Usitarajie wingu zuri. Duara lenye mistari inayoshuka ni rekodi kamili, ikiwa mchoraji anaweza kukueleza ilikuwa siku gani.

Mwisho wa mwezi, kadi za anga za asubuhi zishushwe na kupangwa sakafuni kwa safu: za jua, za mawingu, za mvua, zote zikianzia mstari mmoja na kulingana ukubwa, la sivyo safu fupi itaonekana ndefu. Mtoto asiyejua kuhesabu hadi kumi bado ataona ipi imezidi. Mwalimu anakili safu hizo kwenye karatasi na kuitunza hadi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha na kusi ikivuma, kisha azitundike karatasi mbili sambamba na kuuliza tu, "Mnaona nini?"